Povu la Kwenye Skrini

Chupa ni ya nusu lita, ya plastiki angavu, yenye kifuniko cheupe cha kubonyeza. Ndani yake kuna sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, rangi ya ndimu. Sabuni za namna hii zinatengenezwa kila siku katika vyumba vya uani Mbagala, Kayole na Mwanza: salfoniki, slesi, sodaashi na chumvi vinakorogwa kwenye pipa kwa mti mrefu, rangi na manukato yanafuata, kisha mzigo unaachwa ulale usiku kucha hadi povu litulie. Asubuhi chupa zinajazwa na lebo zinabandikwa. Kazi ngumu imekwisha, imebaki moja inayowasumbua wengi, nayo ni picha ya kuwaonyesha wateja.

Picha ya simu iliyopigwa mezani chini ya taa ya chumba haimtendei haki mwenye bidhaa. Sabuni inaonekana nzito na yenye giza kama mafuta ya gari, lebo inarudisha mwanga hadi jina halisomeki, na ukuta wa nyuma una alama za vidole. Ndipo wengi wanapokimbilia programu za akili mnemba zinazochora picha kwa kuandikiwa maneno. Maneno hayo, ambayo wenye kazi huyaita prompti, ndiyo maelekezo yote ambayo programu itayapata. Mara ya kwanza mtu huandika hivi:

```
beautiful dish soap bottle, bubbles, bright colors, very clean, no dirt
```

Ameomba chupa nzuri ya sabuni ya vyombo, viputo, rangi kali, usafi mwingi na pasiwe na uchafu. Mara nyingi anacholetewa ni chupa isiyo yake, lebo yenye herufi ambazo si za lugha yoyote, ukuta wenye rangi zote za upinde wa mvua, na mipira myororo iliyotapakaa hewani kama gololi. Kwa mbali picha inapendeza. Mtu anayeosha vyombo kila siku akiitazama kwa karibu, anajua mara moja kwamba hapo hapana sabuni.

Ili kuelewa kinachoharibika, inasaidia kujua programu inavyofanya kazi. Nyingi kati yake, ikiwamo Stable Diffusion iliyotolewa Agosti 2022, huanza na chenga tupu, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi. Kisha huziondoa chenga hizo hatua kwa hatua, na kila hatua inaelekea kwenye kitu kinachofanana na maneno iliyopewa. Ilijifunza kufanya hivyo kwa kupitishiwa idadi kubwa mno ya picha zilizochotwa mtandaoni pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Kiingereza. Ndiyo maana maelekezo ya Kiingereza bado huleta matokeo ya uhakika zaidi, ingawa baadhi ya programu za sasa zinaelewa Kiswahili kwa kiasi.

Hapo panatoka jambo la kwanza la kukumbuka. Programu haijui sabuni ni nini, inajua tu picha zilizowahi kuandikiwa neno sabuni zinafananaje. Neno “nzuri” haliielekezi popote, kwa sababu liliandikwa kando ya machweo, magari na maharusi. Neno “safi sana” nalo haliisaidii sana, kwa kuwa usafi hauna umbo. Linaloisaidia ni lile linalotaja kitu ambacho jicho linaweza kukiona.

Chukua viputo. Kiswahili kina maneno mawili mazuri hapa, povu na viputo, na tofauti yake ndiyo ambayo maelekezo mengi huisahau. Povu ni ule mkusanyiko mweupe unaokaa juu ya maji kwenye beseni, vyumba vidogo vidogo vilivyobanana na kugawana kuta. Kiputo ni kile kimoja kinachoelea peke yake, kama anachopuliza mtoto. Neno la Kiingereza `bubbles` linabeba vyote viwili, tena na viputo vya hewa vilivyomo ndani ya maji na ndani ya soda. Programu ikiachiwa ichague yenyewe, huchanganya vyote, na wakati mwingine hutoa sabuni inayochemka kama soda.

Kiputo halisi cha sabuni ni utando wa maji mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga unaoupiga hurudi mara mbili, kutoka uso wa nje na kutoka uso wa ndani, na mianga hiyo miwili inapokutana ndipo zinapozaliwa zile rangi za waridi, kijani na dhahabu zinazoteleza juu yake. Kikitazamwa kwa makini kitaonekana kina madirisha mawili. Kama dirisha la chumba liko juu kushoto, picha yake ndogo itang'aa juu kushoto ya kiputo, na nyingine, iliyopinduka kichwa chini, itang'aa chini kulia, kwa sababu ukuta wa nyuma wa kiputo unafanya kazi kama kioo kilichobonyea. Katikati pako wazi, na kilicho nyuma kinaonekana bila kupinda.

Kwa hiyo kiputo cha bandia kinajulikana. Kikiwa na ukingo mnene wenye giza, au kikigeuza juu chini kila kitu kilicho nyuma yake, hicho ni gololi ya kioo. Viputo vyote vikilingana ukubwa, au kimoja kikipata mwanga kutoka kushoto na jirani yake kutoka kulia, programu imevipachika bila kufikiri. Dawa yake ni kuandika kwamba ni vichache, vyembamba, vya ukubwa tofauti, na kutaja mwanga unatoka upande mmoja gani.

Kuna kosa jingine ambalo halitokani na programu bali na anayeandika. Karibu kila mtu huomba ukuta mweupe, akidhani weupe ndio usafi. Utando wa kiputo mbele ya ukuta mweupe karibu hauonekani, hata kwa kamera halisi. Programu iliyoagizwa ionyeshe viputo hapo hulazimika kuvichorea mstari wa pembeni, na gololi zinarudi. Mpiga picha mzoefu angeweka nyuma kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea, na maelekezo yafuate njia hiyo hiyo.

Usafi wa meza nao una siri yake. Marumaru safi na marumaru chafu zina rangi ile ile, isipokuwa safi inarudisha taswira. Mtu anayedeki sebule hujua amemaliza pale anapoliona dirisha sakafuni. Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba meza ni safi kabisa, ni bora kuandika kwamba ni ya marumaru nyeupe yenye kung'aa na kwamba taswira ya chupa inaonekana chini yake. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe kwamba meza hiyo imefutwa.

Ndipo pia lilipo tatizo la maneno “pasiwe na uchafu”. Programu nyingi za picha ni dhaifu katika kukanusha. Zikisoma neno uchafu zinalishika neno lenyewe, na doa ambalo lisingekuwapo linatokea pembeni mwa sinki. Linalofaa ni kusema kinachotakiwa kiwepo. Kwa yale ambayo ni lazima yazuiwe, baadhi ya programu zina mahali pake. Stable Diffusion ina kisanduku cha pili cha kuorodhesha visivyotakiwa, na Midjourney hupokea orodha hiyo mwishoni mwa maelekezo:

```
--no text, letters, drinking glass, ice
```

Hapa yamezuiwa maandishi, herufi, bilauri na barafu. Sababu ya kuzuia bilauri na barafu itaelezwa mbele, nayo ni nzito.

Rangi kali zina tabia ya kusambaa. Ukiandika tu `bright colors`, programu hukoleza kila kitu: sabuni inakuwa nzito kama rangi ya kupaka nyumba, lebo inawaka, na kijani cha sabuni kinahamia kwenye sponji, kwenye sahani na hata kwenye povu. Povu la kijani ni alama ya hakika kwamba picha imekosewa. Sabuni ya kijani ikitoa povu, povu hilo huwa jeupe, kwa sababu rangi iliyobaki ndani ya kuta zake nyembamba ni kidogo mno na mwanga unatawanyika pande zote. Mama yeyote aliyesimama mbele ya sinki anajua hivyo, hata kama hajawahi kulisema. Njia ya kuuzuia mchafuko huu ni kuchagua kitu kimoja kiwe na rangi kali, vingine vitulie, na kila rangi iandikwe ikiwa imeshikana na kitu chake ndani ya sentensi moja.

Kisha kuna mwanga. Chupa ya sabuni ikimulikwa kutoka mbele, sabuni haing'ai. Katika studio, mpiga picha hukata kipande cha karatasi nyeupe au ya fedha kwa umbo la chupa na kukificha nyuma yake, ili mwanga upenye ndani ya sabuni na kurudi kwenye kamera. Ndiyo maana sabuni ya kwenye mabango huonekana kama inawaka kwa ndani. Kwa Kiingereza cha wapiga picha hiyo ni `backlit`, na neno hilo moja lina kazi kubwa kuliko maneno kumi ya kusifia.

Maelekezo yaliyoandikwa upya yakazingatia yote hayo yanakuwa hivi:

```
Product photo of a 500 ml clear plastic dish soap bottle,
translucent lime-green liquid, white flip-top cap, blank white label.
It stands on a glossy white tile counter, its reflection visible below.
Plain deep blue wall. Window light from the upper left, backlit liquid.
A few thin soap bubbles of different sizes float near the bottle.
A little white foam at the base, a yellow sponge, two clean plates.
```

Hakuna sifa hata moja humo. Kuna chupa ya ujazo wa mililita 500, sabuni ya kijani cha ndimu inayopitisha mwanga, kifuniko, meza ya marumaru na taswira yake, ukuta wa buluu iliyokolea, mwanga wa dirisha kutoka juu kushoto, viputo vichache, povu jeupe kidogo, sponji ya njano na sahani mbili safi. Kinachoweza kumshangaza msomaji ni lebo. Imeombwa iwe tupu, na kwa makusudi.

Programu hizi zilijifunza maumbo ya herufi bila kujifunza kusoma. Za karibuni zimeboreka sana katika kuandika maneno, lakini maandishi madogo ya mgongoni mwa lebo, yaani viambato, ujazo, onyo na tarehe, bado yanaweza kukosewa. Na hata yangetoka sawa, lebo ya sabuni si pambo. Alama ya ubora ya TBS Tanzania au ya KEBS Kenya hutumiwa kwa leseni ya shirika lenyewe. Programu iliyoiona alama hiyo kwenye picha nyingi inaweza kuichora kwenye chupa ya mtu ambaye hajawahi kupeleka sabuni yake kupimwa, na mteja akiiona ataamini imepimwa.

Kwa hiyo njia salama, na iliyo bora pia kwa macho, ni kuacha chupa iwe ya kweli na kuiomba programu itengeneze mazingira tu. Mtengenezaji anaipiga picha chupa yake kando ya dirisha lililo upande wa kushoto, na karatasi nyeupe imesimamishwa nyuma. Chupa inafutwa kwanza kwa kitambaa kikavu, na sabuni iliyomo iwe imelala usiku mzima ili shingoni pasibaki povu. Simu inashikwa usawa wa katikati ya chupa, mita moja na nusu hivi kutoka ilipo, kisha anavuta kwa kukuza mara mbili. Akisogea karibu mno, umbo la chupa litapotoka. Picha hiyo inapakiwa kwenye programu inayokubali picha pamoja na maneno, na maelekezo yanabadilika:

```
Keep the bottle and its label exactly as in the photo.
Replace only the background: glossy white tile counter, deep blue wall,
window light from the upper left, same camera height as the photo.
```

Maneno ya mwisho, yanayotaka kimo cha kamera kibaki kile kile, ndiyo yanayosahaulika mara nyingi. Chupa iliyopigwa kwa usawa wake ikiwekwa kwenye meza inayoonekana kutoka juu, itaelea. Mtazamaji hataweza kusema kasoro iko wapi, lakini ataihisi. Kivuli nacho ni shahidi: mwanga ukitoka kushoto, kivuli kiangukie kulia, na kianze pale pale kitako kinapogusa marumaru. Baada ya hapo lebo ikuzwe isomwe herufi kwa herufi, maana programu nyingine hugusa hata kile ilichoambiwa isikiguse. Ikiwa imeguswa, chupa halisi inakatwa kutoka picha ya mwanzo na kubandikwa juu yake kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha.

Kuunganisha sabuni halisi na picha iliyotengenezwa si jambo lililoanza na kompyuta. Mwaka 1886 mchoraji Mwingereza John Everett Millais alimchora mjukuu wake akitazama kiputo alichokipuliza. Mchoro huo ulifika mikononi mwa Thomas Barratt wa kampuni ya sabuni ya Pears, akaufanya tangazo kwa kuongezewa kipande cha sabuni ambacho mchoraji hakukiweka. Hadi leo unajulikana kama Viputo, na ni miongoni mwa matangazo ya sabuni yanayokumbukwa zaidi duniani.

Lakini kuna mahali ambapo picha ya kutengenezwa haina ruhusa ya kuingia. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya tangazo la televisheni la krimu ya kunyolea iitwayo Rapid Shave. Tangazo lilionyesha krimu ikilainisha msasa hadi unanyolewa, kumbe kilichonyolewa kilikuwa kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Mahakama ilisema huko ni kumdanganya mnunuzi. Picha mbili za marumaru, moja kabla ya kusuguliwa na nyingine baada, zikichorwa na programu, zina kosa lile lile, kwa kuwa zinaonyesha ushahidi wa kazi ambayo haikufanyika. Anayetaka kuonyesha nguvu ya sabuni yake aisugue marumaru halisi na apige picha. Vivyo hivyo povu lifuate bidhaa. Sabuni ya vyombo hutoa povu jingi, lakini dawa ya madoa yenye klorini kwa kawaida haitoi, na sabuni ya unga ya mashine za kufulia hutengenezwa makusudi itoe povu dogo.

Sasa ile bilauri na barafu. Chupa angavu, kimiminika cha kijani au njano kinachopenya mwanga, ndimu zilizokatwa, matone ya maji, rangi za kuvutia: orodha hiyo ni ya tangazo la sabuni, na ni ya tangazo la juisi pia. Programu imeziona zote mbili. Ukiitajia ndimu na kimiminika angavu pamoja, huelekea kwenye juisi bila kuombwa: umande unatokea kwenye chupa, majani ya mnanaa yanaongezeka, na bilauri yenye mrija inasimama pembeni.

Hatari yake imewahi kuonekana. Mwaka 1982, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, chupa za bure za sabuni ya vyombo ya Sunlight zilisambazwa majumbani. Zilikuwa na picha za malimau na maneno kwamba ndani mna maji halisi ya limau. Makumi ya watu, wakubwa kwa watoto, waliidhania kuwa maji ya limau, wakainywa na kuugua. Na Afrika Mashariki hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu sabuni ya kupimiwa mara nyingi hubebwa nyumbani katika chupa iliyowahi kuwa ya maji au ya soda. Mtoto aliyeona picha inayofanana na kinywaji, kisha akaikuta chupa inayofanana na ya kinywaji chini ya sinki, hana cha kumzuia.

Ndiyo sababu katika maelekezo ya hapo juu hamna ndimu hata moja. Rangi ya sabuni inatosha kusema harufu yake, na sponji pamoja na sahani zinasema kazi yake. Aliyetia vitu hivyo viwili kwenye picha amefanya kazi kubwa ya usalama kwa maneno sita tu.

Picha ikishapatikana, ikaguliwe kwa mahali itakapokwenda. Programu nyingi hutoa picha ya nukta 1024 kwa 1024, ambayo ikichapwa kwa ubora wa kawaida wa vipeperushi, nukta 300 kwa inchi, inafika upana wa sentimita tisa hivi. Kwa simu inatosha na kubaki. Kwa karatasi kubwa itahitaji kukuzwa kwa programu nyingine. Kijani kile kinachowaka kwenye skrini nacho kitafifia kikichapwa, kwa sababu wino wa mashine hauna mwanga wake wenyewe, kwa hiyo nakala moja ya majaribio ichapwe kabla ya nakala elfu.

Na kabla ya hata nakala hiyo moja, picha ionyeshwe kwa mtoto wa nyumbani ambaye bado hajui kusoma. Asielezwe lolote, aulizwe tu ndani ya chupa hiyo kuna nini. Akijibu kwamba ni juisi, picha isitoke. Rudi kwenye maelekezo, uyaandike upya.